Tone lililozama chini ya chupa: jinsi ya kusoma fuwele zilizogoma

Mwanagenzi wangu alinijia akiwa ameishika chupa ya koni kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kilichokwisha kufa. "Mwalimu, imeharibika," akasema. "Naomba niimwage nianze upya."

Nilimwambia aiweke mezani kwanza. Chini ya chupa palikuwa na bonge la rangi ya kahawia lililoganda kama nta, na juu yake maji yenye ukungu mwepesi. Kazi niliyompa ilikuwa kusafisha gramu 5 za asetanilaidi ghafi kwa kuiyeyusha katika maji ya moto na kuiacha ijenge fuwele. Alitakiwa kupata vipande bapa, vyeupe, vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Badala yake alipata bonge.

Nimeandika hapa tulivyoendelea siku ile, hatua kwa hatua, kwa sababu kosa lenyewe huwapata wengi na kumwaga ndiyo dawa ya kwanza inayowajia. Dutu yote bado imo ndani ya chupa. Ukimwaga, unatupa gramu zako pamoja na maelezo ya kosa lenyewe, kisha unaanza upya bila kujua ulipokosea, na unakosea palepale.

Hatua ya kwanza: usiguse, andika unachokiona

Nilimpa daftari nikamwomba aandike mambo matatu tu: kilichopo kikoje, kipo wapi, na kina rangi gani. Akaandika, "Bonge gumu, lipo chini, kahawia. Maji juu hayana rangi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba habari kubwa. Nikamuuliza, "Ile kahawia ilikuwa wapi ulipoanza?" Akajibu kwamba unga wote ulikuwa na rangi hafifu ya chai. Sasa rangi yote imehamia kwenye bonge na maji yamebaki meupe. Fuwele hazifanyi hivyo. Fuwele inapojengeka polepole, kila molekuli hutafuta mwenzake wa aina yake na kupangana naye, na uchafu unaachwa nje, kwenye maji. Hapa uchafu umeingia ndani. Kwa hiyo kilichotoka kwenye maji hakikutoka kama fuwele. Kilitoka kama kimiminika, kikazama, kikaufyonza uchafu, ndipo kikaganda.

Sisi wa maabara husema dutu "imetoa mafuta". Si mafuta ya kweli. Ni asetanilaidi iliyo katika hali ya kimiminika ikiwa imechanganyika na maji kidogo. Kimiminika cha aina hiyo huyeyusha uchafu wa kikaboni vizuri kuliko maji yanavyouyeyusha, na ndiyo maana rangi yote ilikimbilia huko.

Alitaka kulivunja bonge, kulisuuza na kulikausha. Nikamruhusu achukue chembe ndogo tu, aikamue kwenye karatasi chujio, aiache ikauke, kisha apime kiwango chake cha kuyeyuka. Asetanilaidi safi huyeyuka karibu na nyuzi 114 za Selsiasi, na kutoka chembe ya kwanza kulainika hadi yote kuwa kimiminika hupita nyuzi moja au mbili tu. Yake ilianza kulainika kwenye 96 ikamalizika kwenye 106. Inapoyeyuka chini ya kiwango chake, tena kwa kujivuta kiasi hicho, ina uchafu au ina maji, au vyote viwili. Kulisuuza bonge kungeondoa kilicho juu yake tu, ilhali uchafu umo ndani.

Hatua ya pili: tafuta kwa nini ilitoa mafuta

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na sijutii.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba asetanilaidi inaweza kuwa kimiminika ndani ya maji, maana maji huchemka kwenye nyuzi 100 na asetanilaidi huyeyuka kwenye 114. Ingekuwa kavu ingebaki ngumu. Lakini maji yanapopenya ndani yake hukishusha kiwango hicho, hata ikaweza kuyeyuka ikiwa na maji karibu na nyuzi 83. Hapo unapata ukanda wa hatari kati ya nyuzi 83 na 100. Ndani ya ukanda huo, myeyuko wenye asetanilaidi zaidi ya asilimia 5.2 hivi kwa uzito hauwezi kubaki mmoja. Hugawanyika kuwa vimiminika viwili, maji juu na "mafuta" chini.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: myeyuko wake ulikuwa asilimia ngapi?

"Niliweka mililita 100 kama ulivyoandika, Mwalimu," akasema, na nilijua anasema kweli kwa sababu nilimwona akipima. Gramu 5 kwenye mililita 100 ni gramu 5 ndani ya jumla ya gramu 105, yaani karibu asilimia 4.8. Hiyo iko chini ya mpaka. Mafuta hayakutakiwa kutokea.

Nikamwambia amimine maji ya juu polepole kwenye silinda ya kupimia, bonge libaki chini. Yalisoma mililita 66.

Alinyamaza, akaiangalia silinda, akaangalia jiko la umeme. Kisha akakumbuka mwenyewe. Wakati maji yanachemka alikwenda kutafuta karatasi chujio kwenye stoo, akakuta zimekwisha kwenye kabati la kwanza, akazunguka. Chupa ilikuwa wazi juu ya jiko karibu nusu saa. Theluthi ya maji ilikwenda na mvuke. Gramu 5 katika mililita 66 ni asilimia 7, mbali na mpaka. Aliporudi aliona matone yanazunguka chini ya maji yanayochemka, akadhani ni dutu ambayo imeyeyuka na iko njiani kuchanganyika. Akaitoa jikoni, akaitia moja kwa moja kwenye beseni la barafu.

Sasa kosa lilikuwa na jina. Angemwaga na kuanza upya, angepima tena mililita 100, angesahau tena kufunika, na pengine angeniambia asetanilaidi yenyewe ni mbovu.

Kabla hatujaendelea nilimkumbusha jambo la usalama. Asetanilaidi iliwahi kutumika kama dawa ya homa tangu 1886, ikaja kuachwa kwa sababu inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Vaa glavu na miwani ya kinga, na kazi yenye mvuke ifanyie kwenye kabati la kufyonza hewa.

Hatua ya tatu: rudisha maji kidogo kidogo ukiangalia tone

Tuliyarudisha maji yale yale ya mililita 66 kwenye chupa, pamoja na bonge, tukatia vijiwe viwili vya kuchemshia ili maji yasiruke ghafla, tukafunika mdomo wa chupa kwa kioo cha saa. Chupa ilikuwa ya mililita 250, yenye nafasi ya kutosha kupokea maji zaidi. Pembeni tuliweka bika ya maji safi yanayokaribia kuchemka. Ukiongeza maji baridi, utapoza chupa kila mara na hutajua kama tone limekataa kuyeyuka au limepoozwa tu.

Bonge lilipoanza kulainika na kuwa tone kubwa la kahawia, mwanagenzi alitaka kumimina maji yote 34 yaliyopungua kwa mkupuo. Hesabu ingekuwa sawa, lakini asingejifunza kulisoma tone. Nikampa bomba la mililita 5.

"Tia 5, tikisa kwa mzunguko, hesabu dakika moja ikichemka, kisha uniambie tone limekuwaje."

Mililita 5 za kwanza: tone lilipungua kidogo sana. Za pili: likagawanyika kuwa matone matatu. Za tatu na za nne: matone yakawa kama punje za mtama. Alikuwa ameinama, uso umesogea karibu na kioo, nikamrudisha nyuma kwa bega, kwa kuwa chupa inayochemka haichunguliwi kwa karibu hivyo. Mililita za tano zilibakiza tone moja na kijidoa cheusi kando yake. Baada ya za sita tone likatoweka. Kijidoa kikabaki.

"Niongeze tena? Bado kuna kitu."

Hili ndilo swali linalopoteza dutu ya watu. Ukiendelea kuongeza maji hadi kila kitu kipotee, utajikuta na myeyuko mwepesi ambao hautoi fuwele za maana. Kipimo changu ni hiki: kila unapoongeza maji, angalia kama kilichobaki kimepungua. Kikipungua, ni dutu yako na inaomba maji zaidi. Ukiongeza mara mbili na hakijabadilika hata chembe, ni takataka isiyoyeyuka, na kazi yake italifanyia chujio. Tulitia mililita 5 mara mbili zaidi. Kijidoa kilibaki vilevile.

Tone lilitoweka maji yalipofika mililita 96, na gramu 5 katika 96 ni karibu asilimia 5, chini kidogo ya mpaka wa 5.2. Alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye ukingo wa daftari. Jumla ya maji sasa ilikuwa 106, nasi tukaongeza 5 nyingine kufikia 111. Nyongeza hiyo ina kazi mbili: inauweka myeyuko mbali na ukanda wa mafuta, na inazuia fuwele zisianze kujengeka ndani ya faneli wakati wa kuchuja.

Hatua ya nne: ondoa rangi, chuja ikiwa ya moto

Myeyuko bado ulikuwa na rangi ya chai. Rangi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye mabaki ya anilini yaliyooksidika, na makaa amilifu huinasa. Gramu 0.1 inatosha kwa gramu 5 za dutu. Ukizidisha, makaa yatanasa asetanilaidi yako pia.

Toa chupa jikoni, subiri uchemkaji utulie kabisa, ndipo utie makaa. Ukiyatia kwenye maji yanayochemka, yatafumka povu na kumwagika. Nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kufanya hivyo, na nikapoteza nusu ya myeyuko mezani. Rudisha jikoni, chemsha taratibu dakika 3 hadi 5 ukiwa umefunika.

Faneli ya kuchujia isiyo na shina refu na karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi zipashwe kwanza kwa maji ya moto, kisha maji hayo yamwagwe. Mimina myeyuko kidogo kidogo, chupa yenye myeyuko uliobaki ikirudi jikoni kila baada ya mmimino. Ukiona utandu mweupe kwenye karatasi, huo ni asetanilaidi inayojijenga mahali pabaya. Pitisha juu yake mililita chache za maji yanayochemka. Kwetu utandu haukutokea. Kilichotoka chini kilikuwa kimiminika kisicho na rangi, na kijidoa cheusi kilibaki kwenye karatasi pamoja na makaa.

Hatua ya tano: acha ipoe, na ujue unasubiri nini

Tuliiweka chupa juu ya ubao, si juu ya meza baridi, tukaifunika kwa kioo cha saa, tukatia kipimajoto. Ilishuka 85, 80, 75. Kimya. Mwanagenzi akalitazama beseni la barafu mara mbili.

Alivyofikiri si ajabu. Barafu hupunguza uwezo wa maji kubeba dutu, kwa hiyo fuwele zitatoka haraka. Zitatoka kweli, ila zikitoka zote kwa pamoja zitakuwa vumbi laini linalonasa uchafu na maji katikati yake. Na kama myeyuko ungekuwa bado na asetanilaidi nyingi ndani ya ukanda wa hatari, kuutia baridi ghafla kungeleta mafuta tena. Barafu ina zamu yake, nayo huja baada ya fuwele kujijenga.

Kwenye nyuzi 60 bado hapakuwa na kitu. Sasa hata mimi nilianza kujiuliza, kwa sababu kwa kiasi kile cha maji fuwele zilitakiwa ziwe zimeanza. Kimya cha myeyuko kinaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa. Ama maji yamezidi na hakuna cha kutoka, ama myeyuko umeshiba kupita kiasi na fuwele zimekosa pa kuanzia. La pili hutokea zaidi baada ya kuchuja vizuri, kwa sababu chujio limeondoa hata vumbi ambalo fuwele zingelishika.

Dawa zake zinapingana: la kwanza linataka kupunguza maji, la pili linataka mbegu, yaani punje ndogo ya dutu yenyewe ambayo fuwele zitaanzia. Kwa hiyo pima kabla ya kutibu. Chovya ncha ya kijiti cha kioo kwenye myeyuko, kitoe, kiache hewani kikauke. Kijiti cha mwanagenzi kilipata utandu mweupe wenye kung'aa mara tu kilipopoa. Dutu ilikuwepo, tena tele. Kingekauka bila kubakiza kitu cha maana, tungejua maji yamezidi, na tungechemsha kupunguza robo hivi kabla ya kujaribu tena.

Nikamwambia arudishe kijiti kilekile, na utandu wake, akiguse ukuta wa chupa chini ya usawa wa myeyuko na kukisugua taratibu mara mbili tatu. Mikwaruzo midogo kwenye kioo na punje zile kavu huwa mahali pa fuwele kujishikiza.

Kwa sekunde chache hakuna kilichotokea. Kisha mstari aliosugua ukageuka mweupe, na kutoka kwenye mstari huo vikaanza kuota vipande bapa, kimoja juu ya kingine, vikielea na kugeuka huku vikirudisha mwanga. Hakusema neno. Nami sikusema.

Kuanzia hapo chupa haiguswi. Tuliiacha karibu dakika 40 hadi ikafikia joto la chumba, ndipo ikaingia kwenye barafu kwa dakika 15.

Hatua ya sita: kusanya, suuza, kausha

Hii haina mengi. Chuja kwa faneli ya Buchner na pampu ya kufyonza hewa, karatasi ikiwa imeloweshwa kwanza ili ishike chini. Zima mfyonzo, mimina mililita 5 za maji ya barafu juu ya fuwele, fyonza, rudia mara moja. Maji ya bomba yenye uvuguvugu yatakuyeyushia mavuno.

Angalizo moja kuhusu kukausha: usizitie fuwele mbichi kwenye oveni ya nyuzi 100. Rudi kwenye ile namba 83. Asetanilaidi yenye maji hulainika karibu na hapo, nawe utafungua oveni ukute bonge lile lile ulilohangaika kuliondoa. Zisambaze kwenye kioo cha saa, zifunike kwa karatasi yenye matundu, zilale hewani hadi kesho.

Kusoma matokeo

Asubuhi iliyofuata fuwele zilikuwa na uzito wa gramu 3.9. Mwanagenzi akaniuliza gramu 1.1 imekwenda wapi, na swali hilo nililipenda. Maji kwenye joto la chumba hubeba karibu nusu gramu ya asetanilaidi kwa kila mililita 100. Kwenye barafu hubeba pungufu ya hapo, lakini mililita 111 bado haziwezi kuachia kila kitu. Kiasi kingine kilikuwa uchafu wenyewe, kilichonaswa na makaa, na kilicholowa kwenye karatasi. Asilimia 78 kwa chupa iliyokuwa ikielekea kwenye ndoo ya taka ni mavuno mazuri. Angeniletea gramu 4.8 ningetia shaka kwamba hazijakauka.

Njia hii ina mipaka yake. Maji zaidi yaliondoa mafuta hapa kwa sababu tatizo lilikuwa wingi wa asetanilaidi. Kuna dutu zinazoyeyuka chini ya kiwango cha kuchemka cha kiyeyushi chake, na hizo zinaweza kutoa mafuta hata ukipima maji sawasawa. Kwa hizo, tumia kiyeyushi kinachochemka chini zaidi, au tia mbegu myeyuko ukiwa umeshuka chini ya kiwango cha kuyeyuka cha dutu yenyewe. Na dutu yenye uchafu mwingi sana inaweza kukataa kila njia, hapo inabidi itangulie kusafishwa kwa kromatografia.

Alizisaga fuwele chache, akazijaza kwenye kapilari, kijirija chembamba cha kioo, hadi kimo cha milimita 2 hivi, akaipasha haraka hadi nyuzi 100, kisha akapunguza moto ili joto lipande nyuzi 1 hadi 2 tu kwa dakika. Kwenye 110 unga ulikuwa bado mkavu. Kwenye 113 ukaanza kutoa jasho pembezoni, na kabla ya 114 kupita ukawa tone angavu lisilo na rangi.

Aliandika 113–114. Halafu akageuza daftari kurudi ukurasa wa jana, akatafuta mstari aliokuwa ameandika "maji: mililita 100", akaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: "mwanzoni. Baada ya kuchemka wazi nusu saa: 66."